Wapi Tatu za Kifini

Mtu akikupigia simu kwa Kiswahili anaweza kukuuliza maswali matatu kwa neno moja. Uko wapi? Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Nawe unaweza kuyajibu yote matatu kwa neno moja vilevile: nyumbani. Niko nyumbani, natoka nyumbani, nakwenda nyumbani. Neno halibadiliki hata herufi, na hakuna anayepotea, kwa sababu kitenzi kimeshasema kila kitu.

Kwa Kifini maswali hayo yana maneno matatu tofauti. Uko wapi ni *Missä olet?* Unatoka wapi ni *Mistä tulet?* Unakwenda wapi ni *Mihin menet?* Jibu nalo hugeuka kufuata swali: *kotona* ukiwa nyumbani, *kotoa* ukitoka nyumbani, *kotiin* ukienda nyumbani. Anayejifunza lugha hiyo akijibu swali la *mihin* kwa *kotona*, Mfini atamwelewa, lakini sentensi itakuwa imevunjika.

Kifini hakina undugu na Kiingereza, Kiswidi wala Kirusi. Ni ndugu wa Kiestonia na, kwa mbali zaidi, Kihungari. Baadhi ya mambo yake hayamsumbui Mswahili hata kidogo: *hän* ni yeye, awe mwanamke au mwanamume, kama ilivyo kwetu. Kinachowasumbua wengi ni viambishi tamati vinavyobandikwa mwishoni mwa majina. Vitabu vya sarufi huhesabu 15. Sita kati yake ndivyo vinavyobeba habari za mahali, na ndivyo mtu anavyovihitaji kila siku, tangu asubuhi akitafuta soksi hadi jioni akiuliza basi la kurudi.

Wasemaji wengi wa Kiswahili hujifunza Kifini kwa kupitia Kiingereza, kwani vitabu na programu nyingi za simu zimeandikwa kwa lugha hiyo. Hapo ndipo mzigo unapoongezeka. Mwanafunzi hutafsiri sentensi yake ya Kiswahili kichwani, akapata kihusishi cha Kiingereza, kisha akatafuta kiambishi cha Kifini kinacholingana nacho. Lakini kihusishi cha Kiingereza hakilingani na kiambishi kimoja cha Kifini, na njia ya kutoka Kiswahili moja kwa moja ni fupi zaidi, ikiwa mtu atajua jambo moja: mwelekeo ambao Kiswahili hukiachia kitenzi, Kifini hukibebesha jina.

Kuhama na kuhamia

Chukua sentensi mbili. *Asha amehama Tanga. Asha amehamia Tanga.* Katika ya kwanza Asha ameondoka Tanga, katika ya pili amefika. Jina la mji ni lile lile. Kilichobadilika ni kitenzi, kilichopata kiambishi cha kutendea na kugeuza mwelekeo wa safari nzima.

Kwa Kifini sentensi hizo ni *Asha muutti Tangasta* na *Asha muutti Tangaan*. Kitenzi *muutti* hakijaguswa. Safari hii aliyegeuka ni mji: *Tangasta* ni kutoka Tanga, *Tangaan* ni kuingia Tanga. Na Asha akiwa bado anaishi huko, yuko *Tangassa*.

Kwa hiyo mtafsiri anapoona jina la mahali katika sentensi ya Kiswahili, asilitazame jina hilo peke yake. Kiambishi chetu cha -ni, kama katika sokoni, kazini na mezani, kinasema kwamba hapa pana mahali, basi. Hakisemi kama mtu yupo, anatoka au anakwenda. Habari hiyo iko kwenye kitenzi, na ndiko inakopaswa kuchukuliwa kabla ya kuchagua kiambishi cha Kifini.

Jihadhari pia na mtego mdogo: Kifini kina -ni yake, na maana yake ni «yangu». *Kotini* kwa Kifini si ndani ya koti, ni makazi yangu. *Talo* ni nyumba, *talossa* ni ndani ya nyumba, na *talossani* ni nyumbani mwangu.

Ndani na nje

Viambishi sita vya mahali vimepangwa katika familia mbili za vitatu vitatu. Familia ya kwanza ina herufi s na huhusu ndani. Ya pili ina l na huhusu juu ya kitu, kando yake, au mahali palipo wazi.

Ndani:
- *talossa*: yumo nyumbani
- *talosta*: anatoka ndani ya nyumba
- *taloon*: anaingia nyumbani

Juu au kando:
- *pöydällä*: kipo mezani
- *pöydältä*: kinatoka mezani
- *pöydälle*: kinakwenda mezani

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa tofauti hii kama jambo geni. Tunasema sandukuni *mna* nguo, lakini mezani *pana* vitabu. Tunasema nyumbani *mwangu* tukiwaza ndani hasa. Ile m- ya ndani hukutana mara nyingi na s ya Kifini, na pa- ya mahali panapoonekana hukutana mara nyingi na l. Si sheria ya kufuatwa kwa macho yaliyofumbwa, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko kihusishi cha Kiingereza.

Mahali ambapo Kifini huenda njia yake ni mwilini. Kofia, viatu, pete na miwani huhesabiwa kuwa ndani ya kiungo, kwa sababu vimekishika au vimeshikwa nacho. *Hattu on päässä*: kofia iko kichwani. *Otan hatun päästä*: naivua kofia. *Laitan hatun päähän*: naivaa kofia. Tazama jinsi vua na vaa, vitenzi vyetu viwili, vinavyogawana kazi ambayo Kifini kinaifanya pia kwa *päästä* na *päähän*.

Majina ya miji nayo yana desturi zake. Mingi huchukua familia ya ndani: *Helsingissä* ni mjini Helsinki, *Turussa* ni mjini Turku. Lakini Tampere na Vantaa huchukua familia ya nje, *Tampereella* na *Vantaalla*. Miji mingi iliyopewa majina ya sura ya nchi hufanya hivyo. Rovaniemi ina neno *niemi*, rasi, nayo huwa *Rovaniemellä*. Seinäjoki ina *joki*, mto, nayo huwa *Seinäjoella*. Majina ya nchi karibu yote huchukua ndani, kama *Tansaniassa*, *Keniassa* na *Ugandassa*, ila Urusi, jirani wa mashariki, ni *Venäjällä*. Visiwa vingi huchukua nje, hivyo Unguja na majirani zake kwa pamoja ni *Sansibarilla*.

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya familia hizi mbili zifanane. Zamani sana lugha hii ilikuwa na -na ya kuwapo mahali na -ta ya kutoka. Baadaye s ya ndani na l ya nje zikatangulia mbele ya viambishi hivyo. S pamoja na -na ikawa -ssa, l pamoja na -na ikawa -lla, na hivyohivyo zikapatikana -sta na -lta. Ndiyo maana neno la nyumbani ni *kotona* wala si *kodissa* katika mazungumzo ya kawaida. *Kotona* imebaki na ile -na ya kale, sawa na *ulkona*, nje, na *takana*, nyuma. Anayejua hilo haoni tena *kotona* kuwa neno lililoasi, analiona kuwa neno la kale kuliko mengine.

Kubandika kiambishi bila kukosea

Ukishachagua kiambishi, kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kukibandika.

La kwanza ni irabu. Baadhi ya viambishi vina sura mbili: -ssa au -ssä, -lta au -ltä. Neno likiwa na a, o au u, kiambishi huchukua a, kama *talossa*. Likiwa na ä, ö au y, au e na i peke yake, huchukua ä, kama *metsässä*, msituni, na *Helsingissä*. Sisi wenyewe tunafanya jambo la jamaa hii kila siku bila kulifikiria. Pika huzaa pikia lakini soma huzaa somea. Andika huzaa andikia lakini cheka huzaa chekea. Irabu ya mzizi ndiyo inayoamua kama kiambishi kitakuwa na i au e. Kifini kinafanya hivyo kwa a na ä, na katika jina badala ya kitenzi.

La pili ni konsonanti k, p na t. Kiambishi kama -ssa au -lla kikifunga silabi ya mwisho ya neno, konsonanti hizo hulegea. Zilizo mbili mbili hubaki moja: *kauppa*, duka, huwa *kaupassa*. Iliyo moja hubadilika au kupotea: *katu*, barabara ya mjini, huwa *kadulla*, *Turku* huwa *Turussa*, na nk ya *Helsinki* huwa ng. Hata majina ya kigeni hayasalimiki. Maka kwa Kifini ni *Mekka*, na aliye huko yuko *Mekassa*.

La tatu ni kiambishi cha kwenda ndani, ambacho hakina sura moja. Kwa maneno mengi irabu ya mwisho hurefushwa na kuongezwa n: *taloon*, *Mombasaan*, *Nairobiin*. Kwa maneno ya silabi moja huingia h: *maa*, nchi, huwa *maahan*; *pää*, kichwa, huwa *päähän*. Kwa maneno kama *huone*, chumba, huwa *huoneeseen*. Jina likiishia kwa konsonanti huongezewa i kwanza, kwa hiyo anayekwenda Dar es Salaam anakwenda *Dar es Salaamiin*.

Hapa mwanafunzi mwangalifu atauliza swali. Kama k hulegea silabi inapofungwa, kwa nini anayekwenda Turku anakwenda *Turkuun*, k ikiwa imara, ilhali n imeifunga silabi? Jibu liko katika ile h ya *maahan*. Zamani h hiyo ilikuwapo katika maneno yote ya namna hii, ikazitenganisha irabu mbili, na silabi iliyokuwa na k ilikuwa wazi. H imeanguka katika maneno marefu, lakini k bado inafanya kana kwamba h ipo. Matokeo yake ni kanuni rahisi: katika kwenda ndani, konsonanti haidhoofiki. *Kaupassa* yumo dukani, *kaupasta* anatoka dukani, lakini *kauppaan* anaingia dukani. Sikio lako likishika pp mbili, tayari limejua mtu anakwenda wapi kabla neno halijaisha.

Jambo moja litamfurahisha Mswahili: sifa na viashiria hufuata jina. Katika nyumba hii kubwa ni *tässä isossa talossa*, na kiambishi kinasikika mara tatu. Aliyezoea kusema kitabu hiki kikubwa kimepotea hashangai kusikia neno moja likiyavuta mengine.

Vitenzi vinavyoona safari mahali usipoiona

Mpaka hapa mambo yanakwenda kwa mantiki ya kawaida: aliyepo yupo, anayetoka anatoka, anayekwenda anakwenda. Ugumu wa kweli huja na vitenzi ambavyo kwetu havina safari yoyote, lakini Mfini anaiona.

Tunasema nimenunua samaki sokoni. Kwetu soko ni pale ununuzi ulipofanyika. Mfini husema *Ostin kalaa torilta*, akiwaza samaki anavyoondoka sokoni kuja kwake. Nimeokota ufunguo barabarani ni *Löysin avaimen kadulta*: ufunguo umetoka barabarani ukaingia mkononi. Anayetafuta ufunguo mkobani naye anautafuta «kutoka» mkobani, *laukusta*, ingawa bado hajaupata na pengine haumo. Na aliyesikia habari redioni ameisikia *radiosta*, kwani sauti imetoka humo.

Upande wa pili viko vitenzi vinavyoona kwenda. Nimesahau simu nyumbani ni *Unohdin puhelimen kotiin*. Simu haikutembea, lakini kwa kusahauliwa imeingia katika hali ya kuwa huko. Nitabaki nyumbani ni *Jään kotiin*, ingawa mtu hainui hata mguu. Tumejenga nyumba Mwanza ni *Rakensimme talon Mwanzaan*, kwa kuwa nyumba haikuwapo na sasa ipo. Nimeegesha gari barabarani ni *Pysäköin auton kadulle*. Hata kifo kina mwelekeo: anayekufa kwa malaria, kwa Kifini, anakufa «kuingia» malaria, *malariaan*.

Kinachounganisha mifano hii ni kwamba Mfini hutazama mwanzo au mwisho wa badiliko. Kitu kikipatikana, kikinunuliwa, kikisikika au kikitafutwa, macho yako pale kinapotoka, na jina huchukua -sta au -lta. Kitu kikiachwa, kikibaki, kikijengwa au kikiwekwa, macho yako pale kitakapokuwa, na jina huchukua kiambishi cha kwenda. Pasipo na badiliko lolote, kama katika kulala, kuishi na kufanya kazi, ndipo zinapotumika -ssa na -lla.

Kosa la hapa si rahisi kulitambua, kwa sababu mara nyingine sentensi yenye kosa inasimama na kutoa maana nyingine. *Ostin kalaa torilla* si matusi kwa sarufi. Inasema tu kwamba nilikuwa sokoni nilipofanya ununuzi huo, jambo ambalo hukukusudia kulisisitiza. Lakini *Jäin kotona* haisimami kabisa. Dalili ya kuwa umeteleza ni pale Mfini anapolirudia neno lako kwa kiambishi kingine katika jibu lake. Ukisema *kotona* naye akakujibu *Ai, jäit kotiin*, amekusahihisha kwa upole bila kukatisha mazungumzo.

Watu wako katika familia ya l

Binadamu si mahali pa kuingia, kwa hiyo majina ya watu hutumia familia ya nje, na hapo viambishi vitatu vinafanya kazi tatu muhimu.

Cha kwanza, -lla, ndicho kinachotumika badala ya kitenzi cha kuwa na kitu. *Äidillä on avain*: mama ana ufunguo. Neno kwa neno ni «kwa mama kuna ufunguo», namna ya kusema isiyomshangaza mtu aliyezoea kusikia kwangu kuna mgeni. *Minulla on nälkä* ni nina njaa. Katika mazungumzo ya mtaani *minulla* hufupishwa kuwa *mulla*, na anayeijua sura ndefu peke yake atapitwa na sentensi nyingi.

Kiambishi cha pili na cha tatu hufanya kazi ambayo sisi tunaifanya kwa kutendea. *Ostin kirjan äidille* ni nilimnunulia mama kitabu. *Ostin kirjan äidiltä* ni nilinunua kitabu kwa mama, yaani yeye ndiye aliyeniuzia. Kitenzi ni kile kile, *ostin*. Lile badiliko la nunua kuwa nunulia limehamia mwishoni mwa jina la mama. Vivyo hivyo nimempigia mama simu ni *Soitin äidille*. Kila unapoandika kitenzi chenye -ia, -ea, -lia au -lea kwa faida ya mtu, jaribu -lle kwanza.

Ila kuuliza na kuomba huenda kinyume. Nimemwuliza mama ni *Kysyin äidiltä*, kwa -lta, kwa kuwa jibu linatarajiwa kutoka kwake. Kumwambia mama ni *äidille*, kwa -lle, kwa kuwa habari inakwenda kwake. Kiswahili huweka mtu huyo ndani ya kitenzi katika hali zote mbili, nimemwuliza na nimemwambia, na hakionyeshi tofauti.

Familia hii ya l ina kazi nyingine inayokutana na kwa yetu: chombo. *Bussilla* ni kwa basi, *veitsellä* ni kwa kisu. Ndipo linapoingia kosa la wanaopitia Kiingereza. Lugha hiyo hutumia kihusishi kimoja kwa kilicho juu ya meza na kwa abiria aliye ndani ya basi. Mwanafunzi akishajua kwamba mezani ni *pöydällä*, husema *olen bussilla* akitaka kusema niko ndani ya basi. Mfini anasikia kwamba mtu huyo amekuja kwa basi. Aliyeanza na Kiswahili hana sababu ya kukosea: nimo ndani, basi ni -ssa, *bussissa*.

Ujumbe mmoja wa simu

Tuzichukue sentensi chache za kawaida ambazo mtu anaweza kumwandikia ndugu yake jioni, tuzipeleke Kifini hatua kwa hatua.

*Nimetoka kazini, niko kwenye basi. Nitanunua samaki sokoni, kisha nitakwenda nyumbani. Nimesahau funguo kazini. Mwulize Asha kama ana ufunguo.*

Kazini imetokea mara mbili, na hapa ndipo pa kuanzia. Mara ya kwanza kitenzi ni toka, kwa hiyo inahitajika sura ya kutoka. Kazi ni *työ*, lakini kazini kama mahali pa ajira Kifini hutumia wingi wake: *töissä* yupo, *töistä* anatoka, *töihin* anakwenda. Sentensi inaanza *Lähdin töistä*. Mara ya pili kitenzi ni sahau, kimojawapo cha vile vinavyoona kwenda, hivyo ni *Unohdin avaimet töihin*. Neno moja la Kiswahili limezaa mawili yanayotazama pande tofauti. Anayetafsiri kazini kwa kukariri neno moja ataharibu mojawapo.

Kwenye basi ni kuwapo, na ni ndani: *olen bussissa*. Sokoni kitenzi ni nunua, kwa hiyo samaki anatoka. Soko la wazi, *tori*, ni la familia ya nje, hivyo *torilta*. Kama samaki angenunuliwa katika duka lenye milango ingekuwa *kaupasta*. Nyumbani inafuata nitakwenda, kwa hiyo *kotiin*. Kuuliza kunataka jibu kutoka kwa mtu: *Ashalta*. Na yeye mwenye ufunguo ni *hänellä*, kwa ä kwa sababu *hän* ina ä.

Ujumbe mzima ni huu:

*Lähdin töistä, olen bussissa. Ostan torilta kalaa ja menen sitten kotiin. Unohdin avaimet töihin. Kysy Ashalta, onko hänellä avain.*

Hesabu vihusishi vinavyosimama peke yake katika ujumbe huo: hakuna hata kimoja. Kazi yote imefanywa na miisho ya majina. Kalaa na avaimet nazo zina miisho yake, inayoonyesha kama kitendwa ni kiasi fulani tu au ni kitu kizima. Hiyo ni sura nyingine ya sarufi, na mtu anaweza kueleweka vizuri kwa miezi mingi kabla ya kuimaliza.

Kamusi inakuambia, ukijua pa kutazama

Wafini wenyewe hawakariri orodha ya vitenzi vinavyoona safari, wamekua navyo. Mgeni anayo kamusi. Kamusi za Kifini huandika kando ya kitenzi kifupisho kinachoonyesha kiambishi kinachotakiwa. *Jstk* ni kifupisho cha *jostakin*, kutoka kitu fulani. *Jhk* ni *johonkin*, kuingia kitu fulani. *Jltak* ni kutoka kwa fulani na *jllek* ni kwenda kwa fulani. Ukiona kitenzi *pitää*, kupenda, kimeandikiwa *jstk*, umeshajua kwamba napenda kahawa ni *pidän kahvista*, ingawa hakuna hoja iliyo wazi ya kwa nini kupenda kutoke kwenye kahawa. Kamusi ya *Kielitoimiston sanakirja* inapatikana mtandaoni bila malipo. Shirika la utangazaji la Yle nalo hutoa habari kwa Kifini chepesi, *selkosuomi*, ambamo viambishi hivi husikika kwa mwendo wa pole.

Kwa hiyo usiandike kwenye daftari lako kwamba *löytää* ni kupata au kuokota ukaishia hapo. Andika *löytää mistä*. Andika *unohtaa mihin*, *jäädä mihin*, *kysyä keneltä*, *soittaa kenelle*. Kitenzi kilichoandikwa pamoja na swali lake huja na kiambishi chake siku utakapokihitaji, na kitenzi kilichoandikwa peke yake kitakulazimisha kubahatisha kila mara.